Salio lilikuwepo, meseji ndizo zilizopotea

Jumatatu asubuhi, dada wa kaunta alinikabidhi simu yangu ya akiba ikiwa na laini mpya ndani. Namba ilikuwa ileile niliyoitumia miaka yote. Mtandao ulishika, zikaingia meseji nne mfululizo, nikamwomba dada aniangalizie salio la akaunti yangu ya pesa kwenye skrini yake. Lilisomeka 42,040. Moyo ulinipasuka, kwa sababu kwa hesabu niliyokuwa nayo kichwani lilitakiwa kuwa 59,300.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Ijumaa jioni, saa chache kabla simu haijapotea, nilisoma meseji ya muamala iliyosema salio langu ni 46,300. Jumamosi wateja wawili niliowafanyia kazi walinihakikishia kwamba wametuma malipo, mmoja 9,000 na mwingine 4,000. Jumlisha mwenyewe. Zilikosekana 17,260, na kwa muda wa kama nusu saa niliamini kabisa kwamba mwizi wa simu, au mtu fulani ndani ya ofisi ile, alikuwa amekula fedha zangu wakati laini ikiwa haipo mikononi mwangu.

Hakuna aliyekula. Nimeamua kuandika kwa kirefu jinsi nilivyolifahamu hilo, kwa sababu nimewasikia watu wengi wakisema "nilirudisha laini nikakuta hela zimepungua", na wengi wao hawakuwahi kupata jibu. Wengine huenda waliibiwa kweli. Lakini bila kujua salio linakaa wapi na kumbukumbu zinakaa wapi, huwezi kutofautisha aliyeibiwa na aliyesahau.

Tuanze na kadi yenyewe. Ile kadi ndogo tunayoiita laini haina fedha ndani yake, na kwa kweli hata namba yako ya simu si kitu inachokitegemea. Kilichomo cha maana ni utambulisho wa tarakimu zisizozidi 15 unaoitwa IMSI, pamoja na ufunguo wa siri ambao kadi huutumia kuuthibitishia mtandao kwamba ni yenyewe. Kampuni ya simu ina hifadhidata inayosema: utambulisho huu ndio wenye namba hii. Ukienda kurudisha laini, unapewa kadi yenye utambulisho mwingine na ufunguo mwingine, na mhudumu anabadilisha mstari mmoja tu katika hifadhidata ile: kuanzia sasa namba hii ni ya utambulisho huu mpya. Kadi ya zamani, popote ilipo, inabaki plastiki isiyo na mtandao.

Akaunti ya pesa iko mbali na hayo yote. Ni daftari katika mtambo mwingine, na ndani ya daftari hilo akaunti yako inatambulika kwa namba ya simu na kwa jina na kitambulisho ulivyosajiliwa navyo. Fedha halisi zinazolingana na masalio ya wateja wote hukaa benki, kwenye akaunti ya amana. Kwa hiyo kadi inapobadilishwa, hakuna chochote kinachohamishwa. Salio halitoki kadi ya zamani kwenda mpya, maana halikuwahi kuwa kwenye kadi. Ndiyo sababu pia mtu anayeamua "kuachana na ile laini" na kununua namba mpya kabisa anakuta sifuri. Fedha zake zimebaki kwenye namba ya zamani zikimsubiri, na namba hiyo ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na hatimaye kupewa mteja mwingine. Hapo atalazimika kuzidai kwa kitambulisho, safari ndefu kuliko kurudisha laini mapema.

Hadi hapo ni habari njema. Sasa zile meseji.

Nilikuwa mtu wa kutunza meseji za miamala. Sikuzifuta, na niliziona kama daftari langu. Nikitaka kujua fulani alinilipa lini, napekua meseji. Kumbe meseji hizo zilikuwa nakala tu zilizokaa kwenye simu. Kadi yenyewe ina nafasi ya meseji chache, kwa kawaida makumi kadhaa tu, na simu nyingi za siku hizi hazihifadhi huko kabisa. Simu ilipoondoka, daftari langu liliondoka nalo. Kurudisha laini hakurudishi meseji hata moja iliyokwisha kufika.

Neno "kufika" lina uzito hapa. Meseji ikitumwa, kituo cha meseji cha mtandao huishikilia mpaka simu ya mpokeaji ipatikane. Ikishapokewa na kadi iliyoko hewani wakati huo, kituo kinahesabu kazi imekwisha, na haitumwi tena. Ikiwa hakuna kadi inayopatikana, inasubiri, lakini haisubiri milele. Kila meseji ina muda wake wa kuishi, mara nyingi siku moja hadi chache, kisha inatupwa. Muamala wenyewe hauathiriki. Fedha zimeshaingia au kutoka kwenye daftari la mtambo, mpokeaji ndiye hakuambiwa.

Weka hilo kwenye mpangilio wa tukio langu. Simu ilipotea Ijumaa kama saa mbili usiku. Kwa uzembe nisioweza kuutetea, sikupiga huduma kwa wateja mpaka Jumamosi saa sita mchana, kwa kuwa nilidhani nimeisahau mahali na ningeipata. Kwa hiyo kwa saa kumi na sita laini yangu ilikuwa hewani mikononi mwa mtu mwingine, na kila meseji iliyokuja katika saa hizo ilifika kwake. Hizo sitaziona tena. Zile nne zilizomiminika Jumatatu ni zilizotumwa baada ya laini kufungwa, zikasubiri kwenye kituo. Hakuna hata moja iliyohusu fedha.

Nilimwambia dada wa kaunta kwamba fedha zangu zimepungua. Hakubishana nami. Aliniuliza, "Kaka, umejaribu kuingia kwenye akaunti?" Nikajaribu kwa namba yangu ya siri ileile. Jibu likaja kwamba akaunti imefungwa, niwasiliane na huduma kwa wateja.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo la kwanza kubwa. Nilidhani kufungwa huko ni sehemu ya kurudisha laini. Baadhi ya mifumo kweli humlazimisha mteja kuweka namba mpya ya siri baada ya kadi kubadilika, kwa sababu mtambo wa pesa unaona utambulisho wa kadi si ule uliozoeleka. Lakini katika hali hiyo unaombwa uweke namba mpya, huambiwi umefungiwa. Kufungwa kuna maana yake. Mtu amekosea namba ya siri mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida tatu. Na mimi nilikuwa sijakosea hata mara moja.

Dada aligeuza skrini kidogo nikaona. Ijumaa, 21:14, namba ya siri si sahihi. 21:15, si sahihi. 21:17, si sahihi, akaunti imefungwa. Saa tatu na robo usiku, wakati mimi nikipekua mifuko ya nguo nyumbani, mtu alikuwa ameshika laini yangu akibahatisha. Namba yangu haikuwa mwaka wa kuzaliwa wala tarakimu nne zinazofuatana, na nadhani hilo tu ndilo lililoniokoa.

Majaribio yale hayaonekani kwenye taarifa ya miamala ambayo mteja hupewa. Taarifa ile huorodhesha vitu vilivyogusa fedha, na jaribio lililoshindwa halikugusa kitu. Kumbukumbu yake ipo, ila iko kwenye skrini ya mhudumu. Usipouliza kwa jina, "nani alijaribu kuingia na lini", hutaambiwa. Ukirudisha laini ukakuta akaunti imefungwa, uliza hilo kabla hujapewa namba mpya ya siri, kwa sababu jibu lake linakuambia kama simu yako iliokotwa na mtu mwema au mtu mwenye nia nyingine.

Kisha nikaomba taarifa kamili ya miamala, kuanzia Alhamisi, siku moja kabla ya kupotea, hadi dakika ile. Ilitumwa kwa barua pepe, faili likiwa limefungwa kwa msimbo ambao ulikuja kwa meseji kwenye laini mpya. Usiridhike na ile orodha fupi ya kwenye menyu inayoonyesha miamala michache ya mwisho, maana mara nyingi haifiki nyuma ya kutosha na haionyeshi salio baada ya kila mstari. Salio la kila mstari ndilo unalolihitaji. Nilipoigeuza ianze na mistari ya zamani, sehemu iliyonihusu ilikuwa hivi:

```
Ijumaa    18:40  Malipo               -5,200   41,100
Ijumaa    18:40  Ada ya muamala          -60   41,040
Jumamosi  00:04  Marejesho ya mkopo   -8,000   33,040
Jumamosi  10:11  Kupokea              +9,000   42,040
```

Mstari ulioitangulia hiyo ulikuwa wa Ijumaa 17:52, salio 46,300. Ndiyo ile meseji niliyoikumbuka.

Angalia mistari miwili ya kwanza. 18:40 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Simu ilikuwa bado yangu. Nilikuwa na haraka, nikamlipa mtu aliyeniletea vifaa vya kazi, nikairudisha simu mfukoni bila kusoma meseji. Akili yangu ilibaki na tarakimu ya mwisho iliyoisoma kwa makini, 46,300, na ikaifanya kuwa ndilo salio. Kwa mtu mwenye simu yake hilo si tatizo, atafungua meseji za juu akumbuke. Kwangu mimi meseji ya kunikumbusha ilikuwa imeondoka na simu. Ada ilikuwa kwenye mstari wake peke yake, ikiwa na namba ileile ya muamala kama malipo yaliyoizaa. Mtu asiyejua hilo anaweza kuona kiasi kidogo kimekatwa asichokitambua, akakihesabu kuwa wizi.

Mstari wa tatu ulinichanganya zaidi, na nafikiri utamchanganya kila mwenye kuhesabu saa kwa Kiswahili. Niliona neno Jumamosi nikatafuta kichwani nilifanya nini Jumamosi. Lakini 00:04 ni saa sita na dakika nne usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi, wakati ambao mimi na wewe bado tunauita Ijumaa usiku. Nilikuwa na mkopo mdogo kwenye akaunti hiyohiyo, uliotakiwa kurejeshwa Jumamosi. Nilidhani nina mchana mzima wa Jumamosi kuulipa mwenyewe. Mtambo ulisubiri tarehe igeuke, ukakata dakika nne baadaye. Haukuhitaji namba ya siri yangu wala kadi yoyote kuwa hewani. Akaunti ilikuwa imeshafungwa tangu 21:17 kwa majaribio yale matatu, na bado makato yakapita, kwa sababu kufungwa kwa namba ya siri kunamzuia mtu anayeingia, hakuzuii daftari lisiendelee na ahadi ulizokwisha kukubali.

Kwa sababu hiyohiyo zile 9,000 za mteja wa kwanza ziliingia Jumamosi saa nne na dakika kumi na moja asubuhi bila shida, ingawa laini ilikuwa mikononi mwa mwizi. Meseji yake ya "umepokea" ilifika kwake, si kwangu. Aliyaona malipo yangu na hakuweza kuyagusa. Nikilifikiria hilo bado linanikera.

Mpaka hapo nilikuwa nimezipata 13,260 kati ya 17,260. Zilibaki 4,000 za mteja wa pili. Aliniambia kwa sauti isiyo na shaka kwamba alituma Jumamosi alasiri. Kwenye taarifa yangu hakukuwa na mstari kama huo, wala wa kuingia wala wa kutoka. Hiki ni kipimo kizuri. Fedha ikiibwa baada ya kuingia, lazima kuwe na mistari miwili, mmoja wa kupokea na mwingine wa kutoa. Kukiwa hakuna hata mmoja, fedha haikuwahi kufika kwenye akaunti, na swali linahamia upande wa mtumaji.

Nilimpigia nikamwomba anisomee meseji aliyoipata baada ya kutuma, nikitaka hasa namba ya muamala. Akakaa kimya, akapekua, kisha akasema, "Samahani kaka. Nimeona ya kwanza tu nikaiacha. Kuna nyingine inasema muamala haukukamilika." Fedha zilikuwa zimebaki kwake tangu siku ile. Alikuwa na salio lenye 4,000 zaidi na hakugundua.

Sababu ilikuwa mimi mwenyewe. Nilipopiga Jumamosi saa sita mchana sikuomba laini peke yake ifungwe. Nilisema, "fungeni kila kitu", na mhudumu akafunga laini na akasimamisha akaunti ya pesa pia. Haya ni mambo mawili tofauti. Laini ikifungwa peke yake, kadi iliyopotea haiwezi kupiga wala kufungua menyu, lakini akaunti inaendelea kupokea kama kawaida. Akaunti ikisimamishwa kabisa, katika mfumo niliokuwa nautumia, hata kinachotaka kuingia kinakataliwa na kubaki kwa mtumaji. Anayepata taarifa ni mtumaji peke yake. Mpokeaji haambiwi lolote, na taarifa yake ya miamala haionyeshi kitu.

Sisemi nilikosea kuomba yote yafungwe. Kama namba ya siri ingekuwa dhaifu, au ingekuwa imeandikwa mahali ndani ya simu, ningetaka akaunti isimamishwe dakika ileile. Ila ningejua kwamba kila anayenitumia kuanzia hapo atakataliwa, ningewaambia wateja wasubiri. Na hakika ningepiga Ijumaa saa mbili usiku, si kesho yake mchana. Saa zile kumi na sita ndizo zilizokuwa na hatari yote. Baada ya laini kufungwa, kilichobaki kilikuwa usumbufu tu.

Nililoondoka nalo kwenye kaunta ile, mbali na laini, ni uelewa wa kumbukumbu ipi ni ya kutegemea. Kampuni za pesa kwa simu hazitunzi historia yako kwa hisani. Kiwango cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, kinachosimamiwa na chombo kinachoitwa FATF, kinataka kumbukumbu za miamala zitunzwe si chini ya miaka 5, na sheria za nchi nyingi zimefuata hapo au zimezidisha. Kwa hiyo mistari ipo hata kama simu imeteketea kwa moto. Programu ya simu, ukiiweka upya na kujithibitisha, huivuta historia kutoka hukohuko kwenye mtambo, ila mara nyingi ni ya miezi michache. Ya zamani zaidi inaombwa.

Kuna vitu taarifa hiyo haiwezi kukurudishia. Inaonyesha namba za watu zikiwa zimefichwa tarakimu za katikati, na majina yao kama walivyosajiliwa, si yale uliyowaandika wewe kwenye simu. Mtu niliyemhifadhi kama "fundi wa mlango" yumo mle kwa majina yake matatu ambayo sijawahi kuyasikia. Haisemi malipo yalikuwa ya nini. Kumbukumbu za kazi ipi ililipwa kwa muamala upi zilikuwa kwenye mazungumzo yangu na wateja, na nilichukua jioni mbili nzima kuzioanisha upya, kiasi kwa kiasi na tarehe kwa tarehe. Akiba na mikopo iliyounganishwa na akaunti ina taarifa zake pembeni, nikalazimika kuomba faili la pili ili kuthibitisha kwamba zile 8,000 zilipunguza deni kweli. Zilikuwa zimelimaliza.

Huduma ya benki iliyounganishwa na namba ilikataa kufanya kazi kwa siku tatu. Mwanzoni nililalamika, kisha nikaelewa. Benki nayo inaona kadi imebadilika, na haijui kama aliyeibadilisha ni mimi au ni mtu aliyekwenda kaunta na jina langu. Kusubiri huko kunamlinda mwenye namba ambaye labda bado hajagundua kwamba simu yake imekosa mtandao.

Jumatatu hiyohiyo, baada ya akaunti kufunguliwa na namba mpya ya siri kuwekwa, mteja wa pili alituma tena. Nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti cha kusubiria. Meseji iliingia, ya kwanza ya fedha kwenye laini mpya: umepokea 4,000, salio lako ni 46,040. Nilichukua kalamu ya kaunta, nikageuza karatasi niliyopewa ya kurudisha laini, nikaandika nyuma yake namba ya muamala, saa, kiasi na salio.